Kifungashio kilichoandikwa kinaoza: jinsi ya kukipima jikoni na kwenye shimo lako la mboji Dodoma

Mwezi wa saba nilikuwa nachekecha mboji nyuma ya nyumba, hapa Ipagala, nikitaka kuitandaza kwenye tuta la mchicha. Mboji ilikuwa nyeusi, imeiva vizuri. Mara koleo likagonga kitu kinachoteleza. Nikakivuta: kikombe cha juisi, kizima, hata mkunjo hakina. Nilipokisuuza, maandishi ya kijani yakasomeka yote. Yalisema kikombe hicho kinageuka mboji. Kilikuwa humo shimoni tangu mwezi wa kwanza.

Kikombe kile kilitoka kwa jirani yangu anayeuza juisi ya ubuyu na ya zabibu. Alikuwa ameacha vikombe vya kawaida akanunua hivi kwa karibu mara mbili ya bei, kwa sababu muuzaji alimwambia vinaoza vyenyewe, na taka zake akawa ananiletea mimi. Nilipompelekea kile kikombe alikigeuzageuza, akaniuliza, "Sasa kaka, nimeibiwa?"

Hakuibiwa kwa maana ya kuuziwa kitu bandia. Kikombe kilikuwa cha kweli na maandishi yake yalikuwa ya kweli, ila yalikuwa yanazungumzia mahali pengine. Yalizungumzia mtambo mkubwa wa mboji, wenye joto ambalo shimo la nyumbani halilifikii, au likilifikia halidumu nalo. Tofauti hiyo ndiyo inayomgharimu mtu fedha, na unaweza kuigundua mwenyewe kabla ya kununua pakiti nzima.

Kwa nini kikombe kinakaa miezi sita bila kuguswa

Vikombe vingi vya namna ile, vinavyong'aa kama kioo, vimetengenezwa kwa plastiki inayoitwa PLA. Hutokana na wanga wa mahindi au sukari ya miwa. Wanga unageuzwa asidi ya laktiki, ileile iliyomo kwenye maziwa mgando, kisha asidi hiyo inaunganishwa kuwa minyororo mirefu sana. Bakteria na kuvu hawawezi kuila minyororo hiyo ikiwa mirefu. Ni lazima maji yaingie kwanza yaikatekate, ndipo wadudu hao wadogo wapate vipande wanavyovimudu.

Maji nayo hayaingii kirahisi mpaka plastiki ilainike, na PLA hulainika kwenye nyuzi joto kati ya 55 na 60. Fikiria makande. Ukiloweka mahindi na maharage kwenye maji baridi, yatavimba kidogo tu na kesho yatakuwa bado magumu. Yaweke motoni na moto uutunze, yatakubali. PLA kwenye shimo la baridi ni makande yasiyo na moto.

Watu hunijibu kwamba Dodoma kuna jua kali, basi kitaoza tu. Hapana, jua letu linakausha, na kitu kikikauka hakiozi. Plastiki ikipigwa na jua muda mrefu hukakamaa na kukatika vipande vidogo, na vipande hivyo vinabaki plastiki, sema sasa huwezi hata kuviokota. Zipo plastiki zinazotiwa dawa makusudi ili zikatike haraka namna hiyo, kisha zinauzwa kwa jina la kuoza. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku tangu Julai 2021.

Hatua ya kwanza: soma pakiti

Usisome kikombe kimoja, omba pakiti au boksi lake, kwa sababu alama muhimu mara nyingi ziko huko. Neno "biodegradable" likiwa peke yake lisikushawishi. Halisemi kitu kitaoza wapi, kwa joto gani wala kwa muda gani. Neno "compostable" lina uzito kidogo zaidi, ila nalo linahitaji namba ya kiwango pembeni yake.

Ukikuta EN 13432 au ASTM D6400, hivyo ni viwango vya mtambo. Kwa EN 13432, kitu hupimwa kwenye joto la karibu nyuzi 58. Baada ya wiki 12 kinachekechwa kwenye tundu za milimita 2, na kisichozidi asilimia 10 tu ndicho kinachoruhusiwa kubaki juu ya chekeche. Kisha ndani ya miezi 6 asilimia 90 ya kaboni yake iwe imeliwa na kutoka kama hewa. Kikombe cha jirani yangu kilikuwa na namba hiyo, na kwenye mtambo wa namna hiyo kingeoza kama kilivyoahidi.

Kwa nyumbani tafuta maandishi "OK compost HOME", au namba ya kiwango cha Australia AS 5810, au cha Ufaransa NF T 51-800. Hapa upimaji unafanyika kwenye joto la nyuzi 20 hadi 30, na kitu kinapewa hadi miezi 12. Angalia sana neno la mwisho, kwa sababu nembo ya "OK compost INDUSTRIAL" inafanana na ile ya nyumbani, na muuzaji akikuonyesha kwa haraka utaona "OK compost" tu. Nembo halali huwa na namba ya cheti. Mwombe muuzaji cheti chenye namba hiyohiyo, usome kama jina la bidhaa kwenye cheti ndilo lililo kwenye boksi.

Mwisho geuza kikombe uangalie pembetatu ya mishale chini yake. Namba 7 pamoja na herufi PLA, sawa. Namba 1 ni plastiki ya chupa za maji, na namba 5 ni ya makopo na mifuniko. Kikombe chenye 1 au 5 kinachodai kuoza, kirudishe.

Hapa niseme jambo kuhusu mifuko mbadala, ile tuliyoanza kubeba baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Wengi tunaiona kama kitambaa, ina matundu madogo, inachanika kama nguo. Mingi ni polipropilini, yaani plastiki ileile ya namba 5, iliyobanwa kwa joto ikawa kama kitambaa. Ubora wake ni kwamba inatumika mara nyingi. Kuoza haiozi.

Hatua ya pili: majaribio matatu ya jikoni

Pakiti nyingi sokoni, iwe Majengo au Sabasaba, zimeshafunguliwa na maandishi hayapo. Chukua kifungashio kimoja nyumbani.

Kata kipande kidogo, kama ukucha, ukizamishe kwenye bilauri ya maji ukikisugua ili mapovu yatoke. Kikielea tena na tena, karibu hakika ni plastiki ya kawaida ya mifuko au makopo, kwa sababu hizo ni nyepesi kuliko maji. PLA huzama. Lakini plastiki ya chupa za maji nayo huzama, kwa hiyo kwa kikombe cha kung'aa endelea na jaribio linalofuata.

Chemsha maji, uyachanganye nusu kwa nusu na maji ya kawaida ya mtungini. Kwa mwinuko wa Dodoma, ambao ni zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo mchanganyiko utakaribia nyuzi 60. Tumia sufuria ambayo tayari ni ya moto ili joto lisipotee. Zamisha kikombe dakika mbili, kisha ubonyeze ukingo wake kwa kijiko. Cha PLA kitalegea na kukunjika kama karatasi iliyoloa. Cha plastiki ya chupa kitabaki kigumu, kwani chenyewe kinahitaji nyuzi 70 na zaidi. Ukimwaga maji yanayochemka moja kwa moja vitalegea vyote viwili, na jaribio halitakuambia kitu.

Kikombe cha chai cha karatasi kiloweke usiku kucha, kisha asubuhi sugua ndani kwa kidole gumba. Karatasi itatoka kama uji, na mara nyingi utabaki na utando mwembamba mkononi, kama ngozi ya kitunguu. Utando huo ndio unaozuia chai isipenye, na ni plastiki, ya kawaida au PLA. Kwa shimo la nyumbani zote mbili ni mzigo.

Usitumie jaribio la kuchoma. Moshi wake ni mbaya, na halitenganishi vizuri vitu tunavyotafuta.

Hatua ya tatu: shimo lenyewe

Majaribio ya jikoni yanakuambia kitu kimetengenezwa kwa nini. Kama kitaoza kwako, hilo linajibiwa na shimo lako. Na shimo lisilofanya kazi litakudanganya, litakuonyesha kwamba hakuna kinachooza. Kwa hiyo shimo kwanza.

Dodoma tunachimba, haturundiki juu ya ardhi. Upepo wetu na ukavu wa kuanzia mwezi wa tano huumaliza unyevu wa rundo kwa siku chache. Shimo langu lina upana wa mita 1 kila upande na kina cha sentimita 80, chini ya mwembe. Nililijaza Januari, wakati wa mvua, majani mabichi yakiwa mengi. Chini niliweka matawi ya mizabibu yaliyopogolewa, niliyoyakatakata ili hewa ipite. Juu yake mabua ya mtama sentimita 15, majani mabichi na maganda ya jikoni sentimita 10, samadi ya mbuzi sentimita 5, na ndoo moja ya maji. Nikarudia mpangilio huo hadi juu, nikafunika kwa udongo kidogo na gunia la katani.

Unyevu unaupima kwa mkono. Chukua konzi kutoka ndani, ukamue. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, sawa. Pasipotoka kitu na konzi likasambaratika, ongeza maji. Mvua zilipokata mwezi wa nne nilikuwa namwagilia ndoo ya lita 20 kila baada ya siku nne, maji ya kuoshea mboga.

Joto lipime kwa nondo. Ichomeke hadi katikati ya shimo, iache dakika kumi, uichomoe na kushika ncha iliyokuwa ndani. Ikikulazimu kuiachia papo hapo, humo kuna nyuzi 50 na zaidi. Mimi nilitumia pia kipimajoto kirefu cha jikoni. Siku ya tano kilisoma 52, na hapo ndipo palikuwa juu kabisa. Wiki ya tatu kilisoma 34, na mwezi wa sita, kwenye baridi ya usiku, hakikufika 25. Hizo namba ndizo zinazoeleza kikombe cha jirani yangu. Mtambo hukusanya tani nyingi mahali pamoja, kiasi kwamba joto la katikati halina pa kutorokea, na mashine huligeuza rundo ili hewa iingie na joto lipande tena. Mita moja ya shimo inapoteza joto lake kila upande.

Hatua ya nne: weka vipande, na weka shahidi

Nilichukua mifuko ya nyavu ya vitunguu, ile myekundu, nikaikata kuwa vifuko vidogo sita. Nyavu hizo zenyewe haziozi, ndiyo maana zinafaa. Kila kifuko nilikitia kipande cha ukubwa wa kiganja pamoja na konzi mbili za mboji changa ili kipande kiguswe pande zote. Karatasi na wino wa kalamu havidumu shimoni, kwa hiyo namba nilizichora kwa msumari kwenye vipande vya kopo la soda na kuvifunga kwa waya.

Kifuko namba moja kilikuwa shahidi: kipande cha bahasha ya kaki, ambacho hakuna anayebisha kwamba kinaoza. Usiruke hapa. Ukifukua baada ya wiki nane ukakuta kaki bado nzima, kosa ni la shimo lako, na huna haki ya kulaumu kifungashio chochote. Vingine vilikuwa sahani ya makapi ya miwa, kikombe cha chai cha karatasi, mfuko laini wa taka za jikoni wenye "OK compost HOME", kikombe cha PLA, na kipande cha mfuko mbadala. Nilivizika kwenye kina cha sentimita 40, nikavifukua wiki ya 4, ya 8, ya 16 na ya 24.

Wiki ya nne kaki ilikuwa imelegea na kujaa nyuzi nyeupe za kuvu. Sahani ya miwa ilikatika nilipoinyanyua, kama mkate uliodumbukia kwenye chai. Vingine kwa macho vilikuwa vilevile, isipokuwa mfuko laini ulianza kuwa na madoa.

Wiki ya nane kaki haikuwepo. Sahani ilibaki nyuzinyuzi ambazo usingezitambua usipojua. Kikombe cha chai kilikuwa kimebaki ule utando tu, umejikunja, na ukingo mgumu wa juu ambako karatasi ilikunjwa mara mbili. Mfuko laini ulikuwa na matundu ya kupitisha kidole.

Wiki ya 16 mfuko laini ulikuwa vipande vichache vya ukubwa wa mbegu ya tikiti. Wiki ya 24 nilimwaga kifuko chake kwenye chekeche la unga na sikuokota kitu. Utando wa kikombe cha chai ulikuwa bado upo. Kikombe cha PLA kilikuwa kimefifia kidogo, kama kioo chenye mvuke, lakini nilipokibonyeza kiliruka na kurudi umbo lake. Mfuko mbadala ulikuwa na rangi yake ileile ya bluu.

Jihadhari na mchwa. Shimo likikauka wataingia, na wao hula karatasi na makapi ya miwa kwa siku chache. Ukikuta kifuko kitupu chenye vijia vya udongo mkavu, hicho hakikuoza, kimeliwa, na matokeo yake usiyaandike. Kwenye shimo lenye unyevu wa kutosha sikuwaona.

Na sahani ya miwa kuoza haraka kusikufanye ununue yoyote. Baadhi hutiwa dawa ya kuzuia mafuta yenye florini, na dawa hiyo haiozi pamoja na sahani, inabaki kwenye mboji. Dondoshea tone la mafuta ya alizeti. Likisimama kama shanga bila kutanuka wala kupenya, muulize muuzaji kilichopakwa, na kama hana jibu, sahani hiyo usiipeleke kwenye mboji ya mboga.

Kilichobaki shimoni kiende wapi

Kosa la kawaida ni kuchanganya vikombe vya PLA na chupa za maji ukampa mwokota chupa. Zinafanana kwa macho, lakini zikiyeyushwa pamoja PLA inaharibu plastiki ya chupa, na mzigo wake wote unaweza kukataliwa. Zitenge. Kuzipeleka kwenye taka za jiji nako si kuziozesha. Taka zetu zinaishia dampo la Chidaya, na hilo ni dampo la kufukia. Huko chini hakuna hewa wala mtu anayegeuza, kwa hiyo PLA inakaa tu, huku karatasi na makapi yakioza bila hewa na kutoa gesi ya methani.

Kwa hiyo mahali pa kuamua ni dukani. Nilikaa na jirani yangu tukapiga hesabu ya siku moja: vikombe 60. Wateja kama 40 walikuwa wanakunywa palepale kwenye benchi. Hao akawanunulia bilauri na beseni mbili za kuoshea. Wanaoondoka na juisi anawajazia kwenye chupa wanazokuja nazo na kuwapunguzia shilingi mia. Wasio na chupa anawapa kikombe cha kawaida chenye namba 5, ambacho bei yake ni nusu, na kikirudi anakiosha na kukitumia kuoteshea miche ya papai. Vitafunwa anafungia bahasha ya kaki isiyo na utando, aliyoijaribu kwanza kwa kuiloweka usiku.

Vile vya PLA vilikuwa vimebaki pakiti moja na nusu. Tulimrudishia muuzaji pamoja na kile kilichotoka shimoni. Alikiangalia, akakishika, akauliza kimekaa muda gani. Jirani yangu akamwambia miezi sita, halafu akamwonyesha namba kwenye boksi na kumweleza maana yake. Pakiti nzima aliipokea, ile nusu akaikataa.

Bahasha zilizopasuka na maganda ya zabibu bado ananiletea kila Jumamosi. Mwezi wa kwanza ujao nazika vifuko vingine vitatu: mirija miwili ya karatasi ya aina tofauti, na kijiko cheupe ambacho muuzaji mwingine wa Majengo anasema ni cha wanga mtupu. Kipande chake kimeshazama kwenye bilauri. Kwenye maji ya nyuzi 60 hakikulegea kabisa, na hilo halinitoshi, kwa sababu ipo PLA iliyopikwa maalumu kwa ajili ya vijiko na mifuniko, ambayo hustahimili maji ya moto.